Dokta, vipimo sita: tuanze na kipi?

Dokta habari za kazi, za nyumbani.

Ni mimi Mama Salma wa Mikindani, uliyenipima presha ukaniandikia vipimo nikapime kabla sijala. Majibu nimechukua jana. Mpimaji kazungushia duara la peni nyekundu sehemu sita, nikamuuliza vipi, akasema vimetoka kidogo tu nje ya kawaida mama, muone dokta wako. Nimelala nayo hiyo "kidogo tu" chini ya mto, sijapata usingizi.

Presha waliipima tena ikaja 138 kwa 88. Sukari 6.4, ila nikiri, alfajiri nilikunywa chai ya rangi kijiko kimoja cha sukari, nilidhani kufunga ni kutokula, sasa sijui hiyo namba tuiamini au nirudie. Kolestro 5.6. Damu imepungua, 11.4, na siku zangu bado zinakuja nyingi, kitambaa hakimalizi masaa mawili, we unajua nina miaka 46.

Inayonitisha ni ya figo dokta. Kreatinini 98, karatasi yao inasema mwisho 90, halafu kwenye mkojo protini ipo kidogo. Hapa kuna kitu sikukuambia siku ile, niliona aibu. Msimu wa korosho nakaa kwenye kigoda nabangua toka asubuhi mpaka jioni, magoti yanawaka moto, basi nanunua diklofenaki duka la dawa, nameza mbili kwa siku, hii ni kama miezi mitatu sasa, na maji sinywi maana kila ukiinuka kwenda chooni kazi inalala. Jirani ndo kaniambia zile dawa zinaumiza figo na kupandisha presha. Ni kweli? Tangu jana nimeacha, nimechua magoti na mafuta ya nazi, usiku yameuma kweli.

Nakuuliza hivi kwa sababu dada yangu mkubwa anasafishwa figo, ilianza na sukari aliyoipuuza, na mama alianguka kiharusi. Kwa hiyo sitaki kupuuza, lakini pia siwezi kurudia vyote sita kwa mpigo, bima sina na hela ya korosho bado haijaingia, mkononi nina elfu arobaini.

Naomba uniambie kwa hiyo hela nianze na kipi. Mi nawaza nirudie figo na mkojo baada ya kukaa bila diklofenaki, we utasema wiki ngapi, na sukari siku hiyohiyo nikiwa sijagusa hata chai. Kolestro naona isubiri nipunguze nazi kwenye mchuzi, ingawa hapo nyumbani watanuna. Ya damu sijui, je nianze vidonge vya madini ya chuma au unipime kwanza? Na ipo dalili gani nikiiona nisingoje miadi, nije mbio?

Jumatano nashuka mjini na daladala ya asubuhi, karatasi nakuja nayo. Kama ni mapema zaidi nipigie kwa namba ya Salma, simu yangu chaji haikai.

Mama Salma