Baba, usome ukiwa peke yako

Shikamoo Baba.

Leo ni Jumapili ya tatu ya mwezi wa sita, Siku ya Baba. Najua siku za kusifiwa mbele ya watu hazikukai vizuri. Mwaka jana wajukuu walipokuimbia uliwashukuru, ukawapapasa vichwa mmoja mmoja, kisha ukatoka nje kukagua pampu ya maji. Ndiyo maana safari hii sikupiga simu. Maandishi hayakutazami usoni. Unaweza kusoma nusu, ukayaweka chini ya redio, ukamalizia kesho. Hakuna atakayekuuliza umeyaonaje, na mimi sitauliza.

Nina jambo moja la kukwambia, Baba. Yale uliyokuwa ukiyasema kwa mikono yako, miaka yote hii, yamenifikia.

Siku ninaondoka kwenda chuoni, Mama alikuwa na wosia mrefu na dada analia mlangoni. Wewe ulikuwa bandani tangu alfajiri. Ulitoka na ekstensheni uliyoifunga mwenyewe, ukaisukuma chini kabisa ya begi, chini ya mashuka, ukasema, "Hizi za dukani waya wake mwembamba." Hukuongeza neno. Nilikuja kukuelewa nikiwa bwenini, mwenzangu wa chumba alipochomeka pasi na jagi la kuchemshia maji kwenye ekstensheni yake kwa wakati mmoja, plastiki ikaanza kulainika na chumba kikajaa harufu ya kuungua. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mkubwa hupata joto, ganda lake linayeyuka, na moto unaanzia hapo. Wewe ulikuwa umeliona jambo hilo ukiwa nyumbani, kwenye chumba ambacho hukuwahi kukitia mguu. Yako ninayo mpaka leo. Ndiyo imechomekwa kompyuta ninayokuandikia.

Halafu kuna ule mwaka niliokosa nafasi ya masomo niliyoitaka kuliko zote. Nyumba nzima ilikuwa inanipa moyo, na kila neno la kunipa moyo lilikuwa linaniumiza. Wewe ulisimama mlangoni kwa chumba changu ukasema, "Kesho saa kumi na mbili tunatoka." Ukanipeleka kazini. Ukanipa testa niishike, ukanionyesha namna ya kuitumia: zima swichi kuu, lakini usiiamini swichi. Ijaribu testa kwanza mahali penye umeme, uone inawaka. Ndipo uijaribu kwenye waya uliozima. Kisha irudishe tena penye umeme, uhakikishe haikufa katikati ya kazi ikakudanganya. Mara tatu, kila waya, hata kama una haraka. Uliniacha nifanye mwenyewe, umesimama hatua moja nyuma yangu, mkono wako tayari.

Jioni mwenye nyumba alipouliza mimi ni nani, ulisema, "Huyu msaidizi wangu." Hukusema mwanangu, na nilifurahi kwamba hukusema. Mwanao nilikuwa tangu nizaliwe. Usaidizi nilikuwa nimeufanyia kazi siku ile. Sijui kama ulikusudia nilisikie. Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo kwa mara ya kwanza tangu barua ile ya kukataliwa ifike.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hatujawahi kulizungumza.

Ndoa yangu ilipovunjika nilimwambia Mama, nikamwomba akwambie wewe, kwa sababu sikujua ningeanzia wapi. Siku mbili tatu hukupiga simu. Kisha ukaja, bila taarifa, na boksi lako la vifaa na kitasa kipya kwenye mfuko. Hukuuliza nini kilitokea. Hukuuliza nani mwenye kosa. Ulisalimia, ukachuchumaa mbele ya mlango, ukafungua kitasa cha zamani skrubu baada ya skrubu, ukachonga mbao kidogo kwa patasi kwa sababu kipya kilikuwa kipana, ukakifunga, ukazungusha ufunguo, ukanipa niuzungushe na mimi. Ukazunguka madirisha yote ukiyavuta. Ukapanda juu ya kiti ukabadilisha taa ya nje iliyokuwa imeungua, ile niliyokuwa nimeiacha hivyo kwa sababu sikuwa na nguvu hata ya kununua balbu.

Kazi ilipoisha ulinawa mikono kwa muda mrefu. Nami nilikuwa nimesimama jikoni nikiogopa kwamba ukisema chochote cha huruma nitaanguka. Ulikausha mikono, ukakunja taulo, ukasema, "Chumba chako nyumbani kipo. Nimepaka rangi."

Baba, nimesikia hotuba nyingi kuhusu upendo, nyingine nzuri kabisa. Hakuna iliyonisimamisha kama sentensi zile mbili. Sikurudi kukaa kwenye chumba kile, unajua. Lakini kwa mwaka mzima nililala kwa sababu nilijua kipo, na kwamba kuna mtu alishika brashi akakipaka rangi bila kuambiwa na yeyote.

Kuna watu wanaosema baba wa namna yako wanatakiwa wafundishwe kuongea. Labda wapo wanaohitaji. Kuna ukimya mwingine ni wa kutojali, na mtoto anaujua. Wako haukuwa huo. Wewe ulinyamaza ukiwa umegeukia kwetu.

Sitasema sikuwahi kutamani maneno. Nilitamani, hasa nilipokuwa mdogo na kuona baba wa wenzangu wakiwanyanyua na kuwaita majina ya mapenzi mbele ya kila mtu. Nakwambia hili kwa sababu wewe hupendi kazi inayofichwa nyufa kwa rangi. Lakini nilipokua nilianza kuona yale yaliyokuwa mbele yangu siku zote. Viatu vyangu vya shule vilikuwa vinashonwa usiku kabla sijasema vimefumuka. Taa ya ukumbini ilikuwa haizimwi mpaka wa mwisho wetu aingie, na asubuhi hakuna aliyeulizwa alikuwa wapi mpaka awe ameamka vizuri. Ulikuwa unasimama geti ukijifanya unapaka bawaba mafuta.

Na usiku wa msiba wa Bibi. Watu walikuja kukuliwaza, na wewe ukawa unavuta nyaya uani ili wasikae gizani. Mimi nilikushikia ngazi. Ulipofunga balbu ya mwisho hukushuka mara moja. Ulikaa juu pale, umeegemeza kichwa kwenye mkono, na mimi nikaendelea kushika ngazi nikitazama chini, kwa sababu niliona hivyo ndivyo ungetaka. Nataka tu ujue kwamba nilikuwepo, na kwamba sikuwa na haraka.

Wewe ndiye uliyenieleza kazi ya ule waya wa kijani na njano. Siku zote za kawaida haubebi chochote. Taa zinawaka bila yeye, redio inaimba bila yeye, na fundi mvivu anaweza kuuacha bila mtu kugundua. Hitilafu ikitokea ndipo unaupa umeme uliopotea njia ya kwenda ardhini, fyuzi inakatika, na aliyeshika friji hata hajui alichookolewa nacho. Nilipokuwa msichana nilidhani unanifundisha umeme tu. Siku hizi nikiuona waya ule nakufikiria wewe.

Mjukuu wako alipozaliwa ulimpokea, ukamtazama kwa muda, ukamrudisha kwa mama yake, yaani mimi, bila neno. Nusu saa baadaye nilikukuta umepiga magoti, unahesabu soketi zilizo karibu na sakafu. Wiki iliyofuata ulileta vifuniko vyake, na ukafunga kile kifaa kinachokata umeme ukivuja hata kiasi cha miliampia 30. Ulinieleza kinavyofanya kazi, ukanionyesha kitufe cha kukijaribu, ukasisitiza nisisahau kukibonyeza mara kwa mara. Sijasahau. Mtoto sasa anajua kwamba kitufe kile ni cha Babu, na anataka akibonyeze yeye.

Kwa hiyo asante, Baba. Asante kwa waya mnene. Asante kwa kusimama hatua moja nyuma yangu. Asante kwa kitasa, na kwa kutouliza, na kwa rangi ya chumba. Asante kwa kumtunza Mama kwa namna yenu wenyewe, ambayo sisi watoto tuliiona zaidi kuliko mnavyodhani: simu yake haijawahi kukosa chaji, na miwani yake haijawahi kukaa siku mbili imevunjika.

Nakupenda. Nimeliandika mara moja, na halihitaji kujibiwa.

Kuna kitu kimoja ningependa kukuomba, na ukiona hapana, basi ni hapana. Siku moja, tukiwa na kazi mkononi, labda wewe unafunga na mimi nashikilia, unisimulie kidogo kuhusu Bibi ulipokuwa mtoto. Si lazima uanzie mwanzo. Hata alivyokuwa akikuita jioni urudi nyumbani, au alikukasirikia kwa kitu gani. Mwanangu ameanza kuuliza habari zake na mimi najua machache. Hutahitaji kunitazama ukiwa unasimulia. Mimi nitakuwa natazama skrubu.

Tunakuja Jumamosi asubuhi, tutalala hadi Jumapili. Swichi ya barazani kwangu imeanza kutoa cheche ukiiwasha. Nimezima saketi yake na kuweka utepe juu ili mtu asiiguse. Nimekuja kuona kwamba ningeweza kuibadilisha mwenyewe, na swichi mpya nimeshanunua, lakini mtoto amekataa isiguswe mpaka Babu afike mwezi ujao. Anataka kushika testa. Nimemwambia hiyo ruhusa haitoki kwangu, akuombe mwenyewe, kwa adabu, na awe tayari kujaribu mara tatu kila waya.

Betri za redio yako nimezinunua, zile kubwa. Kama kuna kingine mnachohitaji mwambie Mama anipigie kabla ya Ijumaa jioni.

Mwanao,
msaidizi wako.