SOMA KABLA YA KUAGIZA: malipo na upelekaji wa samaki

Assalaam alaykum wateja wetu, wa Amu na wa mbali.

Maswali mengi mnayotuuliza kuhusu pesa na mzigo yamejibiwa hapa. Anayeshika simu ndiye huyo huyo anayeparua samaki, kwa hivyo kati ya saa mbili na saa nne asubuhi majibu huchelewa. Ukisoma hapa utapata jibu kabla hatujanawa mikono.

Saa zote hapa ni za Kiswahili: saa tatu asubuhi ni pale simu inapoonyesha 9:00. Ukiagiza, andika saa pamoja na asubuhi, mchana au jioni. "Niletee saa 9" tumewahi kuisoma kwa maana mbili, na samaki hangoji tukielewana.

KUAGIZA

Oda ya kesho tunapokea mpaka saa mbili usiku wa leo. Tuma yote kwa ujumbe mmoja, kama huu:

Tewa mmoja, kilo 3 hadi 4, vipande, kichwa niwekee
Pweza kilo 1
Shela, nyuma ya msikiti wa Ijumaa, mlango wa kijani
Atapokea: Mama Salma
Asubuhi, kabla ya saa sita

Yanayosahaulika zaidi ni mawili: namna ya kukata (mzima, vipande au mnofu) na nani atapokea. Usipotaja namna ya kukata, tunaparua, tunatoa matumbo na kumwacha mzima. Kwa samaki wa kukaanga hilo halina neno. Kwa aliyetaka mnofu wa watoto ni kazi mpya nyumbani, na samaki hatumchukui tena akishafika kwako.

Usilipe bado. Kuagiza siyo kulipa, sababu iko hapa chini.

BEI NA MIZANI

Bei ya kilo tunaitangaza kila asubuhi baada ya mashua kuingia, hatuiandiki hapa. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari hukasirika, vyombo vidogo havitoki na bei hupanda. Kaskazi ikitulia hushuka. Bei uliyoiona wiki jana usiikokotolee hesabu ya leo.

Samaki hupimwa mzima, kabla ya kuparuliwa, na uzito huo ndio unaolipia. Kusafisha na kukata ni bure, lakini kilo zitakazofika kwako zitakuwa pungufu. Tewa ana kichwa kikubwa: kichwa na matumbo vikitoka, karibu theluthi ya uzito inaweza kwenda. Kwa hivyo ukihitaji kilo 3 za nyama kwenye sufuria, agiza tewa wa kilo 4 na nusu. Changu na tafi hupungua kidogo tu kwa kuwa huachiwa kichwa. Ukitaka kuona mizani, tuandikie "picha ya mizani" kwenye oda, tutakutumia kabla kisu hakijapita.

Ndiyo maana hatutaki ulipe mapema. Ukiomba "tewa wa kilo 3", baharini hakuna wa kilo 3 kamili. Aliyetuma pesa ya kilo 3 akapata samaki wa kilo 3.4 ana deni, wa kilo 2.7 anatudai, na siku nzima tunaandikiana kuhusu shilingi mia moja na themanini.

KULIPA

Samaki wako akishapimwa, utapokea ujumbe wa namna hii:

Oda 14. Tewa kilo 3.4 × 600 = 2,040. Kupeleka Shela 150. JUMLA 2,190.

Chini yake kutakuwa na namba ya tili. Lipa jumla hiyo hiyo, bila kuzidisha wala kupunguza, ndani ya saa moja. Saa moja ikipita bila malipo wala neno, samaki anauzwa kwa anayefuata. Hatukasiriki, ila barafu nayo ina gharama.

1. Fungua M-PESA, ingia Lipa na M-PESA, kisha Buy Goods and Services. Siyo Pay Bill, siyo Send Money, siyo Pochi la Biashara.
2. Andika namba ya tili kama ilivyo kwenye ujumbe wa leo. Usiitoe kwenye kumbukumbu ya simu wala kwa jirani.
3. Andika kiasi. Ukitumia programu ya M-PESA, jina la duka hutokea kabla hujaweka PIN. Likiwa si jina letu, rudi nyuma hapo hapo.
4. Weka PIN.
5. Tutumie meseji ya M-PESA yenyewe, maandishi, pamoja na namba ya oda: "Oda 14" kisha meseji.

Maandishi ni bora kuliko picha ya skrini. Kwenye picha, herufi O na sifuri hufanana, na tunakaa kutafuta muamala usiokuwepo. Kulipa kwa tili hakumkati mteja ada, kwa hivyo usiongeze "ya kutolea".

Kosa linalowagharimu watu zaidi ni kulipa mara mbili. Mtandao ukilegea, meseji ya M-PESA huweza kuchelewa, mtu akadhani haikwenda akarudia. Kabla ya kurudia, angalia salio lako. Limepungua? Pesa imekwenda, tuandikie tu. Halikupungua? Lipa tena.

Ukilipiwa na mtu mwingine, mume, dada au mwajiri, tili yetu itaonyesha jina lake, siyo lako. Bila namba ya oda hatutajua ni ya nani, na samaki wako atabaki kwenye barafu huku umeshalipiwa. Mwambie aliyelipa akupe meseji, uitume wewe.

Tunahesabu umelipa pale pesa inapoonekana kwenye tili yetu. Meseji ya mteja peke yake haitoshi, hata awe mteja wa miaka, kwa sababu meseji za kughushi zipo nyingi. Msione vibaya.

Ukituma kwa namba ya simu isiyo sahihi, ipeleke meseji hiyo kwa 456 papo hapo. Ukilipa tili ya mtu mwingine, wasiliana na Safaricom mara moja. Sisi hatuna uwezo wa kuitoa pesa isiyoingia kwetu.

Hatuombi PIN, hatuombi namba ya siri iliyokuja kwa meseji, na hatubadilishi tili katikati ya oda. Ukiandikiwa na namba nyingine ikisema "tili ya zamani ina shida, tuma hapa", hiyo si yetu.

Taslimu tunapokea Amu mjini na Shela tu, mkononi mwa anayeleta, na sharti useme tangu kuagiza. Weka kiasi kamili: kijana wetu hatembei na chenji ya elfu moja.

KUPELEKA

Amu mjini: bure kwa Mkomani, Langoni na Gadeni. Wiyoni, Kashmiri na Kandahari ni shilingi 50. Tunatoka mara mbili, saa tano asubuhi na saa kumi jioni. Nyumba zetu hazina namba, kwa hivyo taja kitu kisichohama: msikiti, kisima, duka, baraza. "Nyuma ya ngome" ni nusu ya mji. "Kutoka Mkunguni, kichochoro cha kwanza kushoto baada ya duka la vitambaa, mlango wa tatu" tunafika bila kupiga simu. Mtu asipofungua tunangoja dakika tano, kisha mzigo unarudi kwenye barafu na kupelekwa tena kwa shilingi 100.

Shela: 150, boti ya saa nne na nusu asubuhi, mara moja tu kwa siku. Malipo ya M-PESA yawe yameingia kabla ya saa nne. Ukichelewa, unaweza kuja kuchukua mwenyewe au kungoja kesho.

Matondoni: 200, kwa kuagiza kuanzia kilo 3.

Mokowe: 100, unapokea kwenye jeti. Awepo mtu boti inapotia nanga, nahodha hashuki kutafuta mwenye mzigo. Kwa Hindi na Mpeketoni, panga na mtu wa boda achukue Mokowe, na jina lake tulipate asubuhi.

Kizingitini na Faza hatupeleki. Samaki wengi ndiko watokako, itakuwa kuwarudisha kwao.

Malindi na Mombasa: kwa basi kutoka Mokowe, Jumatatu na Alhamisi tu. Hapa utaratibu ni tofauti. Samaki hupimwa siku ya kabla, unalipa yote kufikia saa kumi jioni, na tunamgandisha usiku kucha. Alfajiri anavuka kwa boti, kisha anapanda basi la saa moja asubuhi. Hatuweki barafu huru ndani ya boksi. Ikiyeyuka huvuja kwenye mizigo ya watu, na basi hukataa kuibeba tena. Samaki aliyeganda vizuri, amefungwa karatasi na nailoni, ndani ya boksi la kutunza baridi lililozibwa kwa gundi, hufika bado mgumu.

Boksi ni shilingi 250, na nauli ya mzigo iko ndani ya jumla. Kiwango cha chini ni kilo 5, kwa kuwa mzigo mdogo huyeyuka upesi. Tupe jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, siyo jina la mtaani, maana ofisi ya basi husoma kitambulisho. Basi likishaondoka tunakutumia picha ya risiti ya mzigo. Malindi ulizia kuanzia saa sita mchana, Mombasa kuanzia saa tisa. Vizuizi vya njiani huweza kuongeza muda. Chukua siku hiyo hiyo: ofisi ya basi haina friji.

Nairobi hatutumi. Safari ni ndefu mno kwa boksi letu.

Ijumaa hatupeleki chochote kati ya saa sita na saa nane mchana. Mwezi wa Ramadhani mzunguko wa jioni hutoka saa tisa, ili futari isichelewe.

IKIENDA KOMBO

Samaki uliyeagiza asipopatikana, tutakuuliza kabla ya kukuwekea mwingine. Usipojibu kufikia saa nne asubuhi, oda inafutwa, na kwa kuwa hujalipa hakuna cha kudaiana.

Ukipokea kasoro, piga picha kabla ya kupika, pamoja na namba ya oda, na itume ndani ya saa mbili. Kwa wa basi, piga picha ya boksi kabla hujalifungua, kisha samaki ndani: boksi lililopasuliwa njiani tunalidai ofisi ya basi, na bila picha hawatusikilizi. Pesa ya kurudishiwa huenda kwenye namba ile ile iliyolipa, siyo nyingine, kabla ya saa mbili usiku wa siku hiyo.