Kondoo wa Mzee Lali

Wa kwanza kuhukumiwa alikuwa kondoo. Sahani za agari ya damu, ule uji ulioganda wa kuoteshea vimelea, zilikuwa zikiota vitu ambavyo hakuna aliyevipanda, na agari ya Makonki, isiyotiwa damu, iliyomiminwa asubuhi ileile ilitoka safi. Bwana Athman, mkuu wa maabara, akapiga hesabu ya haraka. Tofauti ya sahani hizi na zile ni damu. Damu yatoka kwa kondoo. Kondoo ni wa Mzee Lali, kule Wiyoni.

"Mwambieni asilete tena mpaka nimwite," alisema.

"Na agari ya chokoleti, bwana?" Mwanaisha akauliza. "Ile nayo ina damu ya kondoo yuleyule, na haina kitu."

"Ile tunaipika mpaka nyuzi 80. Mdudu gani atabaki?"

Hoja ilikuwa na meno, na Mwanaisha akanyamaza. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akienda Wiyoni, akisimama pale mzee anapomshika kondoo kichwa, akipasafisha shingoni kwa iodini kabla ya sindano kuingia kwenye mshipa. Yeye ndiye aliyeitikisa chupa yenye shanga za kioo mpaka nyuzinyuzi za damu zikajisokota kwenye shanga na damu isigande. Kama uchafu ulikuwa ukiingilia hapo, basi uliingilia mikononi mwake, na hilo alitaka kuliona kwa macho.

Kabla hajapata nafasi, simu ya wodi ikalia. Kulikuwa na mzee wa Faza, mgonjwa wa sukari, kidonda mguuni. Majibu ya usaha wake yalikuwa yametoka yakisema bakteria wa Sudomonasi, na daktari alikuwa tayari kubadilisha dawa, aanze ya sindano, ile kali.

"Daktari, nipe dakika chache," alisema Mwanaisha. "Usibadilishe kwanza."

Akaitoa sahani kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, na kuiinamisha dirishani. Ukipanda usaha kwa kitanzi cha waya, vimelea huota juu ya mistari uliyochora. Hawana njia nyingine. Hapa kwenye mistari palikuwa na koloni za dhahabu, za bakteria wa stafilo, kama inavyotarajiwa kwa kidonda. Zile za kijani zilikuwa zimetawanyika ovyo, nyingine ukingoni kabisa ambako kitanzi hakikufika. Na mbili tatu, ndogo kama mbegu za ufuta, hazikuwa juu ya agari. Zilikuwa ndani yake. Kucha ilipita juu ya uso wa agari bila kuzigusa.

Basi zilikuwamo tangu agari ikiwa uji. Zaidi ya hayo, Sudomonasi huota vizuri kwenye Makonki, na Makonki ya usaha uleule ilikuwa tupu. Mgonjwa hakuwa nayo.

"Ni stafilo peke yake," akamwambia daktari. "Ile nyingine ni yetu sisi, si yake."

Bwana Athman hakulipenda neno "yetu", lakini alimruhusu kufanya jaribio. Mwanaisha akatengeneza chupa mbili za agari, zote zikapita otokilevu, chungu cha mvuke cha kuulia vimelea, nyuzi 121, dakika 15. Moja aliipoza juu ya meza, akaitia damu ya Mzee Lali. Ya pili aliipoza kwenye beseni la maji moto, pale chupa zote za agari ya damu zinaposubiri zishuke mpaka nyuzi 50 damu isiive, lakini hii hakuitia damu hata tone. Akamimina sahani, hakupanda chochote, akazifungia kwenye inkubeta siku mbili.

Sahani zenye damu zilitoka nyekundu, safi. Zisizo na damu ziliota kijani, na ukifunua kifuniko unapata ile harufu tamu ya zabibu zilizoanza kuvunda, ambayo mtu wa maabara akishainusa haimtoki puani.

"Makonki je?" aliuliza Bwana Athman, ingawa nadhani jibu alikuwa nalo.

"Makonki tunaipoza mezani. Haingii beseni."

Njia yenyewe haikuwa ya ajabu. Chupa hutoka otokilevu vifuniko vikiwa vimelegezwa ili zisipasuke. Zinapopoa, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta ya nje, na chupa iliyozama mpaka shingoni huvuta na tone la maji ya beseni. Hilo kila maabara yaweza kuishi nalo kama maji ni safi. Kwa hiyo Bakari, kijana wa mazoezi, akamwaga maji, akasugua kwa Jiki, akasuuza, akakausha, akajaza maji mapya yaliyochemshwa. Juma hilo sahani zikatulia. Juma lililofuata kijani kikarudi.

"Bakari hukusugua," alisema Bwana Athman.

"Wallahi nimesugua, bwana. Tazama mikono yangu."

Mikono ilikuwa imechubuka kweli. Mwanaisha akaliangalia beseni badala ya kijana. Maji ya Lamu, yatokayo visima vya chini ya vilima vya mchanga vya Shela, yana chumvi yake, na kila kilichochemsha maji hayo kina ukoko mweupe, hakuna anayeustaajabia. Lakini ukoko huu haukuwa ndani tu. Chini ya beseni, kwenye mguu wa nyuma upande wa ukuta, chumvi ilikuwa imeota ndevu. Maji yalikuwa yakitoka mahali, yakikauka hapo.

Alitia kipimajoto kwenye kona ile. Katikati kilikuwa kikisoma 50. Konani kilisoma 43. Akachomoa umeme, akamwaga maji, akamimina siki juu ya ukoko wa kona na kuungoja uchemke utoke. Chini yake palikuwa na ufa mwembamba kwenye plastiki ya tangi, urefu wa kidole.

Fundi wa vifaa alifungua skrubu za chini bila haraka, akilalamika kuhusu kutu. Kati ya tangi na ganda la nje mna sufi ya kuhifadhi joto, na sufi ile ilikuwa imelowa chepechepe, vuguvugu, ina utelezi wa kijani. Jiki ilikuwa haijafika huko hata siku moja. Bakari alisugua tangi, maji mapya yakapenya ufani, na usiku beseni likizimwa wale wa kwenye sufi wakarudi ndani kupitia njia ileile.

Mwanaisha alichukua sampuli ya utelezi, akaipanda. Hakuhitaji kungoja, lakini aliandika matokeo yake kwenye daftari la ubora, na chini yake majina ya wagonjwa ambao vipimo vyao vya agari ya damu vilipaswa kurudiwa. Orodha ile alimpelekea Bwana Athman aiweke sahihi. Aliisoma mara mbili, akaweka.

Beseni jipya liliombwa. Wakati wa kungoja, chupa za agari zilipozwa mezani, na kati yao chupa moja ya maji matupu, ujazo sawa, kipimajoto ndani: ikifika 50, damu inatiwa.

Damu, lakini, ilitaka mwenyewe. Mwanaisha alimkuta Mzee Lali barazani kwake, akapewa kahawa, akaeleza yote, ufa, sufi, hata zabibu.

"Kwa hiyo ni mai," alisema mzee.

"Ni maji, baba. Kondoo wako hana neno."

"Na yule bwana mkubwa ameyajua haya?"

"Ameyajua. Ameniambia nikuombe radhi."

Mzee alikunywa kahawa yake mpaka chini.

"Radhi nimepokea. Mwambie bei imepanda."