Kutoa Pesa kwa Wakala kwa Mara ya Kwanza: Tangazo la Video, Dakika Mbili

PICHA: Dirisha la wakala. Mama mmoja amesimama mbele yake, simu mkononi.

MAMA: Mwanangu, nimetumiwa pesa kwenye simu, lakini sijawahi kuzitoa. Nikupe simu unitolee?

WAKALA: Shikamoo mama. Simu ibaki mikononi mwako, nami nitakuelekeza hatua kwa hatua. Kitambulisho chako ndicho nitakachokiomba, ili nihakikishe kwamba wewe ndiye mwenye laini.

MAMA: Marahaba. Hiki hapa.

PICHA: Kidole cha mama kinabonyeza simu. Namba ya wakala inaonekana kwenye bango ukutani.

SAUTI YA WAKALA: Mteja wetu mpya, fungua menyu ya pesa ya mtandao wako, chagua kutoa pesa kwa wakala, kisha uingize namba ya wakala kama ilivyoandikwa kwenye bango letu pamoja na kiasi unachotaka. Bango la makato lipo pembeni. Lisome kwanza, kwa sababu makato hukatwa kwenye salio lako, na anayejaribu kutoa salio lote bila kubakiza ya makato hukataliwa. Kabla ya kuthibitisha, soma jina la wakala linalotokea kwenye skrini, maana tarakimu moja ikikosewa, pesa zinaweza kwenda kwa wakala mwingine usiyemjua.

PICHA: Mama anaziba simu kwa kiganja. Wakala amegeuza uso.

MAMA: Sasa inadai namba ya siri. Nikutajie?

WAKALA: Hapana mama, usinitajie mimi wala mtu mwingine yeyote, hata akijitambulisha kuwa ametoka kwenye kampuni ya simu. Iandike mwenyewe.

PICHA: Simu mbili zinaita karibu kwa pamoja. Wakala anahesabu noti juu ya meza, moja moja.

SAUTI YA WAKALA: Ujumbe ukishafika kwako na kwetu, ukionyesha kiasi, makato na salio lililobaki, ndipo tunapokukabidhi pesa. Mtandao ukichelewa, usirudie muamala kwa haraka, kwani unaweza kukatwa mara mbili. Tutaangalia salio kwanza. Zihesabu pesa zako hapa hapa dirishani, na wala usione haya, kwa kuwa sisi wenyewe tunapenda mteja ahesabu tukiwa tunaona.

MAMA: Zimetimia. Na nikipigiwa simu na mtu anayedai amenitumia pesa kimakosa?

WAKALA: Usimrudishie chochote kwa kutazama ujumbe tu, kwa sababu matapeli hutunga ujumbe unaofanana na ule wa kweli. Angalia salio lako, kisha uupigie mtandao wako wenyewe.

MAANDISHI KWENYE SKRINI: Njoo na simu yako na kitambulisho. Tunafungua saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kwa kiasi kikubwa, tuarifu mapema ili tukuandalie fedha taslimu.