Nilishikiwa zamu

Huyo pichani ni mimi. Joho ni la kuazima, na nyuma yetu ni ukumbi wa Chimwaga, hapa Chuo Kikuu cha Dodoma. Aliyeshika kofia yangu kwa mikono miwili kama amebeba trei ya mayai ni mama. Aliingia jana na basi la Mpwapwa akiwa na kiroba cha karanga, na karanga zenyewe alishaanza kuwagawia watu tangu kwenye basi.

Shangazi kaniambia niandike "haikuwa rahisi". Niliandika, nikafuta. Kaka naye akataka niweke "usiku na mchana bila kuchoka". Jamani, nilichoka. Kuna asubuhi nilisinzia kwenye daladala ya chuo, ikafika, ikashusha, ikageuza na mimi ndani mpaka Sabasaba. Konda ananiamsha, anadai nauli ya pili. Na nililipa. Kwa hiyo hayo maneno tuyaache. Nilianza Novemba 2020, mwaka mmoja nikaahirisha kwa sababu ya ada, na leo nimehitimu shahada ya kwanza ya takwimu. GPA msiniulize, inatosha kwa kazi iliyofanya.

Kwa wasiojua, muda wote huo nilikuwa mapokezi kwenye gesti moja Nzuguni, jirani na stendi, zamu ya usiku. Naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi. Kipindi cha kwanza darasani ni saa 1, na kutoka Nzuguni mpaka chuo unapanda gari mbili. Piga hesabu uwezavyo, huwahi. Ili niwahi, ilibidi mtu mwingine akae kwenye kiti changu mapema, na hapo ndipo hii habari inaacha kuwa yangu peke yangu.

Dada wa usafi zamu yake inaanza saa 12. Siku zangu za kipindi cha asubuhi alikuwa anafika saa 11 na nusu, anaweka ndoo chini, ananyoosha mkono nimpe funguo. Nusu saa hiyo hakulipwa na mtu. Siku nilipomwambia nitamfidia mwisho wa mwezi alinikatalia kwa ukali kidogo: "Nenda, gari litakuacha." Sikumbuki kama niliwahi kumshukuru vizuri, maana kila nilipofungua mdomo alikuwa ananifukuza. Dada, leo hunifukuzi. Asante.

Babu mlinzi, mbukwa. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 Dodoma inajulikana, ule upepo unapita hata chini ya mlango uliofungwa. Babu alikuwa anasogeza kiti chake ndani, anajifunika kabuti, anachukua daftari langu la maswali. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo ananitajia namba tu: "La 7." Mimi najibu. Hizo hesabu hazijui, ila uso wangu anaujua. "Hapo umebahatisha. Rudia." Na kweli nilikuwa nimebahatisha. Sijapata msimamizi wa mtihani mkali kama yule.

Niwape na moja ya darasani, maana kuna watu wanadhani takwimu ni kuhesabu watu wakati wa sensa. Mwaka wa pili tulifundishwa mgawanyo wa Poisson. Ni wa kuhesabu matukio yanayokuja kwa bahati ndani ya muda fulani, na alama yake kubwa ni kwamba wastani unalingana na varians, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kuuzunguka huo wastani. Darasani sikuelewa, nilinakili tu. Usiku nikafungua daftari la wageni, nikahesabu waliofika baada ya saa 6 kwa siku 30 zilizopita. Wastani ukaja 3. Varians ikaja karibu na 9. Nikadhani nimekosea, nikarudia mpaka kalamu ikaanza kukwaruza. Babu akauliza nini kimeharibika. Nikamwambia wageni wanatakiwa waje mmoja mmoja kwa bahati, lakini hesabu inakataa. Akacheka. "Tangu lini wakaja mmoja mmoja? Si wanashuka na basi!"

Ndiyo hivyo. Enzi hizo mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kusafiri usiku wa manane. La Kanda ya Ziwa likichelewa linalala hapa, na abiria wenye watoto wanakuja kaunta kwa mkupuo, wanne, watano. Usiku mwingine hakuna hata mmoja. Matukio yaliyoshikana hayawezi kukaa kwenye Poisson, na mtu aliyenielewesha hajafika sekondari. Swali la aina hiyo likaja kwenye mtihani. Nililijibu nikitabasamu, msimamizi akanitazama vibaya.

Mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku kucha, Oktoba 2023, wageni wakawa wanafika saa yoyote. Yale masaa yangu mawili ya kulaza kichwa juu ya kaunta, kuanzia saa 8, yakaisha hapo.

Sapu nilipata, moja. Nayo niitaje isije ikaonekana kama nimeificha. Bunge la Bajeti likianza mwezi wa 4, Dodoma inafurika mpaka mwisho wa mwezi wa 6. Vyumba vyetu vyote 14 vinajaa, madereva wanaomba hata godoro la kuweka korido, simu haitulii. Nikaingia kwenye mtihani nimesoma nusu ya somo. Hilo silisukumii kwa mtu. Wenzangu wa kikundi walikuwa wamenitumia picha za notsi ukurasa kwa ukurasa, na mmoja, mwenye mwandiko wa kuku, alirekodi sauti akizisoma kwa sababu alijua mwandiko wake. Ni mimi sikuzifungua. Niliporudia mtihani, sauti yake ndiyo niliyoisikiliza huku napanga funguo.

Mwenye gesti naye nimtaje kwa haki. Aliwahi kunikata siku mbili za mshahara baada ya mgeni kuondoka alfajiri bila kulipa, mimi nimelala juu ya kitabu. Niliumia wiki nzima. Lakini wiki za mitihani ni yeye aliyekuwa akipanga ratiba upya bila kunung'unika mbele yangu. Nyuma yangu sijui, na sitauliza.

Mama leo kaniuliza swali moja tu. Tumekaa chini ya mti baada ya picha, anaikunjua ile kofia aone ndani kuna nini, akasema, "Kwa hiyo sasa utakuwa unalala?" Nikacheka, yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli. Miaka yote nilikuwa nampigia simu asubuhi, kumbe alikuwa anaisikia sauti.

Sikumjibu vizuri, kwa sababu leo usiku nipo kaunta. Mwenzangu wa zamu nyingine ameanza cheti cha uhasibu na kesho ana testi ya saa 2. Mama nimempa chumba namba 4, kile kisichopigwa na upepo, na Babu ameshapokea karanga zake. Basi la Mpwapwa mama analiwahi alfajiri.

Pongezi zenu nimeziona, nitazijibu moja moja. Nikikawia, kuna basi limeshusha.