Barua kwa fundi: kompyuta kuharibika na soketi kutoa cheche

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Skuli ya Sekondari,
Wete, Pemba.
12 Mei 2025

Kwa Fundi Umeme na Kompyuta,
Chake Chake, Pemba.

KUH: UCHUNGUZI WA UMEME NA VIFAA VYA CHUMBA CHA KOMPYUTA

Ndugu Fundi,

Assalaam alaykum.

Chumba chetu cha kompyuta nimekifunga tangu Alkhamisi, tarehe 8. Siku hiyo mwalimu wa somo alichomeka projekta kwenye soketi ya ukuta wa upande wa bahari, zikaruka cheche na chumba kizima kikanuka plastiki iliyoungua. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Tulizima swichi kubwa ndipo nikaenda kuitazama: tundu moja limepiga weusi na uso wa soketi umepinda kwa joto. Lililonitia wasiwasi zaidi ni kwamba breka ya chumba haikuanguka.

Soketi mbili nyengine za ukuta huohuo nazo hulia kama kitu kinachokaangwa ukichomeka plagi. Moja kati ya hizo ni mpya. Fundi aliyekuja mwaka jana aliibadilisha, akaondoka bila ya kugusa waya. Ndiyo maana sikuombi soketi mpya kwanza.

Kati ya kompyuta 20, mbovu ni 7. Nne haziwaki kabisa, mbili hujizima katikati ya kazi, na zote sita zinatumia ukuta huo. Ya saba iko upande wa pili, inawaka lakini inaishia kwenye maandishi haya: "Reboot and Select proper Boot device". Hiyo nadhani ina ugonjwa wake wa diski. Pia wanafunzi wamelalamika kuwa wakigusa makasha ya chuma wanapigwa na umeme, hasa wakiwa peku.

Ukuta wenyewe hulowa kila masika, kwani bati linavuja juu yake na rangi imebambuka mpaka karibu na soketi. Nashuku maji na waya wa ardhi, ila hukumu ni yako.

Naomba ufungue soketi zote za ukuta huo, uangalie maungio na unene wa waya, upime waya wa ardhi na utwambie kwa nini breka haikukata. Kompyuta zile sita zipimwe pawasaplai zake, na zisichomekwe tena ukutani mpaka umeme uwe salama. Usinunue kitu kwa sasa. Niandikie ripoti pamoja na bei ya vifaa na ya kazi, kila moja mbali, niipeleke kwenye Kamati ya Skuli.

Ikikuwafiki, njoo Jumamosi tarehe 17 saa 2 asubuhi, wanafunzi hawatakuwepo. Funguo za chumba na za kabati la breka nitakuwa nazo mwenyewe. Ngazi tunayo.

Wako katika kazi,

Mwalimu Mkuu

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Skuli