HATARI! ASIDI SALFURIKI 98% (H2SO4) INAUNGUZA

Depo ya asidi, Lubumbashi. Kwenye bidoni na pipa tafuta namba UN 1830.

Haina rangi, ni nzito kama mafuta. Usiseme «ni asidi ya betri tu, naijua»: ya betri imechanganywa na maji mengi, hii haijachanganywa. Tone moja kwenye jicho linaweza kukupofusha.

KAMWE USIMWAGE MAJI NDANI YA ASIDI. Itachemka ghafla na kukurukia usoni. Weka maji kwanza, kisha asidi kidogo kidogo, ukikoroga.

Vaa: miwani iliyofunga pande zote na kinga ya uso, glavu ndefu za kuzuia asidi, aproni, mabuti ya mpira. Suruali uitoe nje ya buti, usiichomeke ndani. Glavu za ngozi hazifai.

Bidoni ya lita 20 ina kilo karibu 37. Muibebe wawili.

IKIKUGUSA: kimbilia maji hapo hapo, vua nguo ukiwa chini ya maji, endelea dakika 20. Jicho: lishikilie wazi, maji yapite. Usipake mafuta, dawa ya meno wala magadi.
UKIMEZA: suuza mdomo, usijitapishe.
Kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

IKIMWAGIKA: ita shefu wa ekipi. Mchanga mkavu, si matambara wala unga wa mbao, vinaweza kuwaka.

Usivute sigara hapa. Asidi ikikutana na chuma hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Karatasi kamili ya Kifaransa iko kwa mlinzi wa depo. Mgonjwa akienda hospitali, iende naye.